Chumba Nisichowahi Kufungiwa

Mama aliacha sanduku la bati lenye kufuli bovu. Ndani yake, chini ya vitambaa vya meza alivyofuma na asivyovitandika hata siku moja, kulikuwa na daftari la shule. Nilidhani ni maandalio ya masomo, kwa kuwa mama alifundisha darasa la tano hapo Kisumu kwa miaka mingi, na nyumba yake ya Kaloleni ilijaa karatasi za aina hiyo. Nilikaribia kulitupa kwenye gunia la taka. Kilichonizuia ni sentensi ya kwanza: "Katika nyumba ya mawe iliyo juu ya ziwa palikuwa na chumba kimoja ambacho ufunguo wake ulivaliwa shingoni."

Nilikaa juu ya sanduku lilelile nikasoma mpaka mwisho. Kumbe mama aliandika hadithi. Wala si hadithi ya sungura na fisi. Ilikuwa ni ile aina ninayoipenda na niliyoifundisha kwa muda chuoni kabla chuo na mimi hatujachokana: hadithi ya kigothi, yenye nyumba kongwe, siri iliyofungiwa ndani, na kitu kinachokataa kukaa kilikozikwa.

Mjane anaishi peke yake katika nyumba hiyo. Chumba cha nyuma amekifunga. Kila jioni, kutoka ndani ya chumba, inasikika sauti ya kijiko kikigonga sufuria, mara tatu, kisha kimya. Mjane haogopi chumba. Anaogopa vijiko. Anavikusanya vyote nyumbani, anavifunga kwa kitambaa, anavitupa ziwani, na kuanzia siku hiyo anakula kwa mkono na kukoroga chai kwa kijiti. Lakini kila jioni huacha sahani ya chakula mlangoni pa kile chumba alichokifunga mwenyewe, na mezani huweka vikombe viwili vya chai. Siku moja wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kama moshi mweusi, wanafunika kuta, naye anakwenda kufunga dirisha. Katika kioo anaona mwanamke aliyevaa nguo zake, mkono wake uko juu ya komeo lilelile, ila yule anafungua.

Ndani ya chumba yuko mtoto. Mtoto hana jina. Kila mahali jina lilipopaswa kuwa, mama alichora kistari, kwa kalamu, kwa utulivu, kama vile kwenye fomu. "Mama, ni mimi ––––, nifungulie." Nilivihesabu, vilikuwa saba. Mwishoni mjane anashika ufunguo, anausogeza kwenye tundu, na hadithi inakatika hapo. Chini yake ni nusu ukurasa mweupe.

Hapo sharti nieleze jambo, ndipo ieleweke kwa nini nililia juu ya sanduku la bati. Baba alifariki nikiwa sijaanza shule. Nilipofika miaka saba, mama alinipeleka Asembo Bay kwa dada yake mkubwa aliyekuwa ameolewa huko, mwendo mfupi kutoka boma letu, nikaishi naye mpaka nikaingia sekondari. Mama alibaki mjini akifundisha. Alikuja Jumamosi moja kila mwezi. Nilikuwa nakaa pale barabara inapoteremka kutoka madukani, na niliweza kumtambua kabla sura yake haijaonekana, kwa sababu alivua viatu vyake vya mjini akavishika mkononi, na mwendo wake wa bila viatu ulikuwa kama wa mtu anayerudi utotoni. Alileta mkate. Akiondoka Jumapili mchana, niliitunza karatasi ya mkate chini ya mto mpaka ikaisha harufu. Kisha nikahesabu siku upya.

Basi mtu wa aina hiyo anapokuta mtoto asiye na jina nyuma ya mlango, anamwomba mama yake afungue, mnadhani atasoma kitu gani?

Kumbukumbu ya mama, ile tunayoifanya baada ya mwaka kwa sala, chakula na maneno, ilikuwa imebakiza wiki mbili. Ndugu walikuwa wameniomba niseme kidogo kwa kuwa mimi ndiye msomi, neno ambalo kwetu humaanisha mtu asiyeweza kukamata mbuzi. Nikaamua nitasoma insha juu ya hadithi ya mama. Niliiandika kwa siku nne, na sijapata kuandika kitu kwa furaha kama ile.

Sehemu ya kwanza ya insha ile naitetea mpaka leo. Uchanganuzi-nafsi, ukitumiwa kwa heshima, ni kama taa ndogo ya mkononi. Hauangazi nyumba nzima lakini unakuonyesha kona. Nadharia yenyewe inasema kwamba akili haitupi kile isichotaka kukijua. Hukisukuma chini, kwenye ung'amuzi bwete, ile sehemu ya akili ambayo mtu mwenyewe haijui, nacho hurudi kikiwa kimevaa nguo nyingine. Ndiyo maana mjane wa mama haogopi chumba bali vijiko: hofu imehamishwa kutoka kitu kikubwa kisichotamkika hadi kitu kidogo cha jikoni ambacho mtu anaweza angalau kukitupa. Ndiyo maana anafunga mlango na wakati huohuo anaacha sahani. Katazo na tamaa vimepatana, vikaungana katika tendo moja la kila jioni, na kwa kuwa hakuna kilichoshinda, tendo lazima lirudiwe kesho. Yule mwanamke wa kwenye kioo ni pacha wake, nusu yake inayotaka kufungua. Na hofu yote ya hadithi inatokana na vitu vya nyumbani: sufuria, chai, dirisha. Kinachotisha si kigeni kutoka mbali; ni kile cha nyumbani kilichofichwa, kikachungulia.

Angalieni, hapo kila neno langu lilikuwa na kidole juu ya sentensi fulani ya daftari. Ungeniuliza, "Umeona wapi?" ningekuonyesha. Nilikuwa nasema juu ya mjane, na mjane yumo kwenye karatasi, wote tunamwona.

Kisha nikavuka kutoka kwa mjane hadi kwa mama. Ni hatua fupi mno, hata huisikii mguuni. Niliandika kwamba kistari ni jina ambalo mwandishi hakuweza kulitamka, na jina hilo ni langu. Niliandika kwamba hadithi imekatika mlangoni kwa sababu mkono wa mama ulikataa. Kwamba ukurasa mweupe ndio ungamo lake. Niliandika kwamba chumba kilichofungwa ni Asembo, na kwamba mama aliishi miaka yake yote akisikia kijiko changu. Wale wadudu nao niliwapa kazi, lakini naona aibu kusema ni kazi gani.

Ajabu ni kwamba nilipokuwa nafundisha, jambo hilohilo ndilo nililowakatalia wanafunzi kwa wino mwekundu. Niliwaambia mgonjwa halisi, yule anayekaa mbele ya mchanganuzi, yuko pale, unaweza kumuuliza kijiko kinamkumbusha nini, naye akakushangaza kwa jibu usilolitarajia. Mwandishi aliyekufa hajibu. Unamuuliza, unajijibu, halafu unastaajabu jinsi mnavyokubaliana. Niliwaambia pia wajihadhari zaidi pale ambapo ushahidi ni kitu kisichokuwepo, maana kutokuwepo hutoshea kila kipimo. Nilikuwa mwalimu mzuri. Ila sikuwahi kuwa mwanafunzi wangu.

Nilikwenda Asembo nimsomee mama mkubwa kwanza. Nilijidanganya kwamba ni adabu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa familia sasa. Ukweli nilitaka asikie jinsi ilivyokuwa nzuri.

Nilimkuta ufukweni akigeuza omena zake, wale dagaa wa ziwani. Huwa anazianika juu ya nyavu kuukuu, anapita kati yake ameinama, anazigeuza kwa mikono miwili kwa mwendo mmoja kama anayefagia hewa. Ana miaka sabini na kitu na mgongo wake ni bora kuliko wangu.

"Keti, nyathina," alisema, mwanangu, kama alivyoniita siku zote. "Usikanyage tu samaki. Wewe na miguu yako ya Nairobi."

"Mama, nimeacha Nairobi miaka kumi iliyopita."

"Miguu bado."

Nilimsomea nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisikiliza akiendelea kugeuza. Kwenye vijiko alicheka, akasema, "Huyo ni dada yangu kabisa." Kwenye sahani mlangoni aligeuza polepole zaidi. Nilipofika pale niliposema chumba ni Asembo, alinyooka. Sikumbuki kama amewahi kunyooka katikati ya kazi.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Asembo ndiyo kile chumba."

"Ni mfano tu, Mama."

"Na huko ndani ya chumba ulikuwa unalia."

"Mtoto wa kwenye hadithi analia."

"Ambaye ni wewe." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Haya. Mama yako ni yule mjane. Wewe ni mtoto. Sasa mimi ni nani kwa hiyo hadithi? Kufuli?"

Katika kurasa kumi na moja za insha sikuwa nimemwandika mahali popote. Mtu aliyenilisha miaka saba, aliyenifundisha kuogelea kwa kunisukuma kutoka kwenye jiwe, hakuwemo hata kama sahani.

"Ulikuja kwangu kwa sababu alikuwa anatoka shule saa kumi na moja na hakukuwa na mtu wa kukushika mchana," alisema. "Yule msichana aliyekuwa anakulea aliolewa. Ni hivyo tu. Dada yangu hakuwa na siri. Alikuwa na ratiba."

"Mama, wakati mwingine mtu mwenyewe hajui. Inakuwa ndani. Hata akikataa, kule kukataa..."

Niliona sentensi ikinitoka na sikuweza kuirudisha.

"Kule kukataa ndiyo nini?"

"Ndiyo dalili."

Ziwani injini ya mashua ilijaribu kuwaka, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Kwa hiyo nikikubali, ni kweli," alisema polepole. "Na nikikataa, ni kweli zaidi. Na dada yangu hayuko. Wewe umejitengenezea kesi ambayo huwezi kushindwa, omera, rafiki yangu. Hata chifu hana kesi kama hiyo."

Kisha akarudi kwa omena zake, akageuza mstari mzima kabla ya kusema tena, na aliposema hakuniangalia. "Soma hiyo maneno yako siku ya kumbukumbu kama unataka. Watu watapiga makofi, umesoma sana. Lakini usiniwekee kiti mbele. Mimi nitakuwa huku na samaki."

Nilirudi Kisumu na kurasa zangu kumi na moja. Nilikuwa nimekasirika, nakiri. Nilijiambia mama mkubwa hajui nadharia. Nilijiambia ameumia, na mtu aliyeumia hawezi kuwa hakimu. Niliendelea hivyo mpaka nikafika karibu na nyumbani, na hapo sauti fulani iliniuliza kama mimi sikuumia nilipokuwa naandika. Sikuijibu. Nilijua nini maana ya kunyamaza, kwa mujibu wa mimi mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilikwenda soko la Kibuye kutafuta shati jeupe la kumbukumbu. Mama mmoja wa mitumba, wa rika langu, mnene, miwani imefungwa kwa uzi, alinipimia shati mgongoni bila kuniuliza kisha akanigeuza kama nguo.

"Wewe si mtoto wa Tisha? Wa Kaloleni?"

Wengi mjini walimwita mama hivyo, Tisha, yaani mwalimu kwa Kiingereza cha watoto, kama vile hakukuwa na mwalimu mwingine. Nikamwambia ndiyo, na shati ni la kumbukumbu yake. Aliweka mikono kifuani. Akaniambia alikaa dawati la mbele darasa la tano, kwa adhabu, mwaka mzima.

Sijui kwa nini nilimtajia hadithi. Labda kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anaongea nami vizuri wiki ile. Nilianza tu kusema, kulikuwa na nyumba ya mawe juu ya ziwa...

"Na ufunguo shingoni!" alipiga kelele. Muuza viatu wa jirani akageuka. "Woi! Ile ya kijiko! Unaijua ile?"

"Wewe unaijuaje?"

"Mimi? Baba, mimi nimefungiwa kile chumba mara tatu!"

Akaniambia huku akikunja na kukunjua shati langu. Mvua kubwa ikinyesha mchana, paa la mabati la darasa lilipiga kelele hata mwalimu asisikike. Basi mama aliweka chaki chini, akawaambia wasogee mbele, wabanane, akasoma kutoka kwenye daftari kwa sauti ya kunong'ona, ili kila mtu alazimike kunyamaza kabisa kumsikia. Alikuwa na kijiko ndani ya mfuko wa sweta. Alikigonga kwenye kabati la vitabu nyuma ya mgongo wake, mara tatu, na watoto waliruka.

"Na yule mtoto?" nilisema. "Mtoto hana jina. Kuna kistari."

"Aah, hiyo ni nafasi yetu! Anayepiga kelele siku hiyo ndiye anaingia. Tisha anakutazama tu juu ya miwani, halafu anasema, 'Mama, ni mimi...' na jina lako. Darasa linakufa kwa kicheko. Wewe nywele zinasimama. Mara tatu mimi! Hata wengine walikuwa wanapiga kelele makusudi, wafungiwe."

"Na mwisho? Haukuandikwa mwisho."

"Mwisho tulikuwa tunafanya sisi. Anashika kabati hivi, anangoja. Sisi tunapiga kelele, 'Fungua! Fungua!' Anangoja. Anaangalia kama mvua imepungua. Ikipungua, anafungua. Halafu huyo mtoto anatoka na anasema kitu, hicho kitu ndicho kilikuwa kitamu sana..." Alifunga macho nyuma ya miwani. "Aki nimesahau. Ni miaka. Nimesahau alikuwa anasema nini."

Nilisimama pale katikati ya nguo za watu wa mbali. Vistari vyangu saba, ukurasa wangu mweupe, mkono uliokataa: nafasi ya kumnyamazisha mtoto msumbufu, na mvua. Sikuwa nimejiuliza swali la kwanza kabisa ambalo msomaji hujiuliza kabla ya kufikia ung'amuzi bwete wa mtu yeyote: hiki kiliandikwa kwa ajili ya nani, na kilitumikaje? Mimi ni mtoto wa mwalimu. Nimeona mabango yaliyoandikwa nusu ili darasa lijaze nusu. Mtu mwingine angesamehewa.

Nikamuuliza swali ambalo halikuwa na haki ya kuulizwa na mtu mzima sokoni.

"Aliwahi kutia jina langu?"

Aliacha kukunja shati. Alikuwa mwema, alifikiri kweli.

"Lakini wewe hukuwa darasani, Baba," alisema. "Ulikuwa Asembo."

Nilitembea kutoka Kibuye hadi Kaloleni na shati kwenye mfuko wa karatasi. Kwa siku nne nilikuwa nimeandika juu ya maumivu ya kufungiwa. Kumbe watoto wote wa Kaloleni walikuwa wamefungiwa mle ndani, wakagongewa kijiko, wakaitwa kwa majina na mama yangu kwa sauti ya kunong'ona, wakafunguliwa mvua ilipokatika. Mimi peke yangu sikuwahi kuingia. Ningetoa kila nilichosoma niketi kwenye sakafu ile ya saruji, nimebanwa na magoti ya wengine, nikipiga kelele makusudi.

Kabla sijafika nyumbani, taa ikawaka tena kichwani. Bila shaka! Aliita majina ya wengine kwa sababu hakuweza kuita langu. Watoto wale walikuwa badala yangu. Siku zote za mvua alikuwa ananitafuta kwa majina ya watu. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Nilitafuta hata kalamu mfukoni.

Nilisimama kando ya barabara mpaka ikapita. Nilijiuliza ni kitu gani ambacho, kama ningekisikia, kingenifanya niseme hapana, nimekosea. Sikukipata. Yule mama wa mitumba alikuwa ameniletea ukweli mkononi, nami nilikuwa nimeshauvalisha nguo nyingine. Na tena usomaji huo, kama ule wa kwanza, ulinipa kile hasa nilichokuwa nakitaka tangu nikiwa na karatasi ya mkate chini ya mto: kwamba mama naye alihesabu siku. Labda alihesabu. Lakini daftari halisemi, na kulilazimisha liseme ni kumwekea marehemu maneno mdomoni ili yanifariji mimi.

Nilibaki na vikombe viwili. Yule mama wa mitumba hakuvitaja, na kwa darasa havikuwa na kazi yoyote. Havichekeshi wala havitishi. Mjane anaviweka, anakunywa kimoja, cha pili anakimwaga asubuhi nje ya mlango. Naweza kusema mjane anangoja mtu. Hilo liko kwenye karatasi. Nani alikuwa ananywa chai na mama yangu kichwani mwake alipoandika hivyo, baba, mimi, au hakuna, sijui. Nimejifunza kulisema neno hilo kwa shida, kama mtu anayejifunza kutema kitu kitamu.

Siku mbili kabla ya kumbukumbu nilirudi ufukweni. Mama mkubwa alikuwa palepale. Sikuchukua kurasa.

"Nimekuja kukuambia nilikosea," nilisema.

"Makosa gani? Ni mengi."

"Wewe si kufuli."

"Hilo nalijua." Aligeuza omena. "Mimi ndiye niliyekuogesha na ule upele wako."

Nikamwambia habari za mvua, kabati, na kistari. Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Kisha akapangusa macho, na sikuweza kujua machozi ni ya nini, wala sikujaribu.

"Njoo ukae mbele," nilisema. "Sitasoma insha. Nitasoma hadithi tu, kama alivyoiandika."

"Tutaona kama samaki wataniruhusu."

Jumamosi ile boma lilikuwa na viti vya kukodi chini ya turubai, kaburi la mama limepakwa chokaa upya, kwaya imevaa sare ya zambarau. Mama mkubwa alikuja amechelewa, kusudi watu wamwone akipita, akaketi mstari wa mbele. Yule mama wa mitumba alikuja na wenzake wanne wa darasa lile, watu wazima wenye vitambi, nao wakajipanga pamoja kama kwenye madawati.

Nilisoma kwa kunong'ona, maana niliambiwa hivyo ndivyo ilivyosomwa. Hakukuwa na mvua. Nilikuwa na kijiko mfukoni na nilikigonga kwenye kiti cha chuma mara tatu, na wale watano waliruka kabla ya wengine wote. Nikafika kwenye kistari cha kwanza. "Mama, ni mimi..." nikanyamaza, nikatazama juu ya miwani.

"Pasta!" alisema yule mama wa mitumba, kwa kuwa pasta alikuwa ametuchosha na mahubiri, na watu wote wakacheka, pasta mwenyewe pia. Kistari cha pili wakamtia mwenyekiti wa kamati. Cha tatu, yule mama wa mitumba alijitaja mwenyewe, akafunika uso. Iliendelea hivyo, watu wakishindana.

Nilipofika kwenye kistari cha saba nilikuwa nimeshazoea mchezo. Nikasoma, "Mama, ni mimi...", nikangoja mtu apige kelele. Hakuna aliyepiga. Ndipo mama mkubwa, bila kusimama, bila kuinua sauti, akataja jina langu. Si hili la vitabuni. Lile la ufukweni, ambalo watu wawili tu waliwahi kuniita, na mmoja wao amelala pale chini ya chokaa.

Niliangalia daftari. Palikuwa na kistari tu.

"...nifungulie," nikasoma.

Nikafika mwisho wa maandishi, ufunguo ukiwa kwenye tundu, nikanyamaza kama mama alivyonyamaza. Kwanza walianza wale watano, kisha kwaya, kisha watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya turubai ambao hawakujua ni nini kinachofunguliwa. Fungua. Fungua. Mama mkubwa naye alikuwa anasema, mikono yake yenye magamba ya samaki ikipiga magoti. Nami nilisimama mbele yao na kijiko mkononi, nikitazama mbingu kavu ya Asembo kama mwalimu, nikingoja kidogo zaidi, kwa sababu sikutaka wanyamaze.